Intaneti ya chaneli tupu haivurugi televisheni

"Mtambo wa intaneti ukitumia chaneli za televisheni zilizo tupu, si utazikwaruza TV zetu?"

Hapana, kwa sababu mtambo haujichagulii chaneli. Tuseme umefungwa kwenye skuli ya Micheweni, Pemba. Kwanza unajua ulipo kwa GPS, kisha unapeleka mahali hapo na urefu wa antena kutoka ardhini kwenye hifadhidata ya masafa. Hifadhidata inapiga hesabu ya minara ya televisheni iliyosajiliwa, halafu inajibu: chaneli hizi ruhusa, nguvu isizidi hapa, mpaka saa fulani. Muda ukiisha bila ruhusa mpya, mtambo lazima unyamaze.

Kusikiliza hewa peke yake ili kujua chaneli ipi ni tupu hakutoshi, hasa Pemba yenye vilima na mabonde. Mtambo ulio bondeni unaweza kusikia kimya, kumbe nyumba ya kilimani inapata picha safi kwenye chaneli hiyohiyo.

Udhaifu halisi uko kwenye orodha ya minara iliyomo kwenye hifadhidata. Mawimbi husafiri mbali juu ya bahari, kwa hiyo hifadhidata ya Pemba inapaswa kuijua minara ya Tanga, na ya Mombasa pia. Mnara usioandikwa hauna kinga: picha ikikatika kila mtambo unapowaka, orodha hiyo ndiyo ya kukaguliwa kwanza.