Kupanda na kushuka daraja: njia ya Luton Town

Katika soka la Uingereza hakuna timu yenye kiti cha kudumu Ligi Kuu. Kila msimu timu tatu za mwisho kati ya 20 zinashuka, na tatu za ngazi ya pili zinachukua nafasi zao. Ngazi ya pili nayo inabadilishana timu na ya tatu, na hivyo hivyo hadi ligi za mikoani. Huko ndiko kupanda na kushuka daraja.

Ila milango ya ngazi hizo haina upana mmoja. Kutoka ngazi ya tatu kwenda ya pili wanapanda watatu. Kutoka ya nne kwenda ya tatu wanapanda wanne. Kutoka ya tano kwenda ya nne ni wawili tu: bingwa, na mshindi wa mechi za mchujo kati ya timu zinazomfuata kwenye msimamo. Kabla ya msimu wa 1986/87 hata bingwa wa ngazi ya tano hakuwa na uhakika, kwa sababu klabu za juu ndizo zilizopiga kura kuamua nani aingie.

Ubaya wa mlango huo Luton Town wanaujua vizuri. Msimu wa 2008/09 walianza ngazi ya nne wakiwa wamekatwa pointi 30 kwa makosa ya fedha na uendeshaji. Ushindi wa mechi kumi, na bado uko sifuri! Walishuka, na huko chini wakakaa misimu mitano. Mwaka 2011 walifika fainali ya mchujo wakafungwa na AFC Wimbledon kwa penalti. Mwaka uliofuata wakapoteza fainali nyingine mbele ya York City. Mchujo ni mkatili kwa namna hiyo, maana kazi ya miezi tisa inaamuliwa kwa mechi moja. Walitoka mwaka 2014, safari hii wakiwa mabingwa wenye pointi 101, bila kupitia mchujo.

Kutoka hapo wakapanda 2018, wakapanda tena 2019, na mwezi Mei 2023 wakaingia Ligi Kuu kwa kuitoa Coventry City kwa penalti 6-5 pale Wembley. Uwanjani alikuwepo Pelly-Ruddock Mpanzu, kiungo aliyechezea pia timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alikuwa na Luton tangu ngazi ya tano, na kabla yake hakuna mchezaji aliyewahi kupita ngazi zote hizo hadi Ligi Kuu akiwa na klabu moja.

Mashabiki wa ugenini waliokwenda Kenilworth Road, uwanja wa Luton, msimu wa Ligi Kuu wa 2023/24 waliingia kwa mlango uliopenyezwa katikati ya nyumba za watu, uwanja wa watazamaji elfu kumi na moja na kidogo, ukipokea Manchester City na Arsenal.

Luton walimaliza wa 18 wakashuka. Msimu uliofuata wakashuka tena, na Agosti 2025 wakaanza ligi katika ngazi ya tatu.