Pengo la miaka miwili kwenye CV: yanayosemwa na ukweli wake

Ukikaa na vijana wanaotafuta kazi katika ofisi za utalii za Arusha, utasikia ushauri ule ule kuhusu mtu aliyekaa miaka miwili bila ajira: "Vuta tarehe, nani atajua?" Wanaotoa ushauri huu humtakia mwenzao mema, lakini ndio unaowaponza watu wenye uwezo kabisa. Nitautazama kupitia mfano mmoja, kwa sababu maneno ya jumla hapa hayasaidii.

Tuseme kuna dada aliyeshughulikia buking za wageni katika kampuni ya safari mjini Arusha, kuanzia Agosti 2017 hadi mwisho wa Desemba 2021. Mama yake alipata kiharusi. Dada akarudi Moshi, akawa anampeleka kliniki na kumsimamia mazoezi ya viungo hadi mama akaweza kutembea mwenyewe. Sasa ni mwanzoni mwa Januari 2024 na anaomba kazi ya buking tena.

Dhana potofu: Ukivuta tarehe hakuna atakayejua

Anaambiwa aandike kwamba aliacha kazi Oktoba 2023. Kwenye karatasi, pengo linatoweka. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, na mwajiri mpya anaweza kuomba kukiona. Taarifa ya michango ya NSSF nayo inaonyesha mwezi ambao michango ya mwajiri wa zamani ilikoma. Juu ya hayo kuna wadhamini. Anayepigiwa simu huulizwa kwanza kabisa: alikuwa kwenu kuanzia lini hadi lini?

Arusha pia si kubwa katika biashara hii. Mameneja wa kampuni za safari na hoteli wanajuana, hukutana lango la hifadhi na uwanja wa ndege wa KIA, na madereva huhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine wakiwa na habari zote. Pengo la kumuuguza mama halimwondolei mtu sifa ya kazi. Tarehe ya uongo inamwondolea, hata ikigundulika baada ya kuajiriwa, maana buking ni kazi ya kushika fedha za wageni.

Dhana potofu: Andika miaka tu, pengo litafichika

Kuandika miaka bila miezi si uongo, na kwa pengo la miezi michache linaweza kupita. Kwa pengo la miaka miwili, mara nyingi linakuumiza. Dada yetu akiandika "2017–2021", msomaji wa Januari 2024 hana njia ya kujua kama aliondoka mwanzoni mwa 2021 au mwishoni. Anahesabu 2021 hadi 2024, anapata miaka mitatu. Miaka miwili ya kweli imeongezeka mmoja ambao haukuwepo. "Agosti 2017 – Desemba 2021" inamtendea haki zaidi, na inamwonyesha msomaji kwamba mwandishi hana anachokwepa.

Lililo baya zaidi ni kuondoa tarehe zote na kupanga CV kwa ujuzi peke yake. Mtu aliyezoea kusoma CV akikosa tarehe, jicho lake linaanza kuzitafuta, na pengo ulilotaka lipite kimya linakuwa ndilo jambo la kwanza kulifikiria.

Dhana potofu: Ukisema ukweli, sema wote

Hapa ndipo waaminifu wanapokosea. Nimesoma CV zinazoanza na aya nzima ya ugonjwa wa mzazi, jina la hospitali, gharama na machungu. Nawaheshimu walioandika hivyo, lakini CV si mahali pake. Mwajiri anayeona pengo huwa na maswali matatu kichwani: je, alifukuzwa kwa kosa? Je, ataondoka tena baada ya miezi mitatu? Je, bado anaijua kazi? Mstari mmoja unaweza kuyajibu yote:

"Januari 2022 – Desemba 2023: Majukumu ya familia, Moshi (yamekamilika). Katika kipindi hicho, mweka hazina wa kikoba cha wanachama 25."

Mstari huu unakaa mahali pake kwa mpangilio wa tarehe, juu ya kazi ya mwisho, kwa herufi za ukubwa ule ule, bila wino mzito na bila kichwa chake peke yake. Ukiandika CV kwa Kiingereza, kama zilivyo nyingi za huku, usiurefushe.

Neno "yamekamilika" linafanya kazi kubwa, kwa hiyo litumike likiwa kweli tu. Kama mama bado anahitaji msaada, liache, na ukiulizwa kwenye usaili eleza mpango uliopo: mdogo wako amehamia nyumbani, au kuna msaidizi anayelala pale. Mwajiri anataka kujua kama asubuhi utafika kazini.

Kwenye CV ugonjwa wenyewe hutaji, wa mama au wako. Sheria ile ile inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ujauzito, ulemavu, VVU au majukumu ya kifamilia, na kinga hiyo inamhusu hata mwombaji wa kazi. Kama wewe ndiye uliyeugua, "likizo ya afya, sasa niko tayari kwa kazi" inatosha.

Dhana potofu: Jaza pengo kwa "nilijiajiri"

Andika hivyo ikiwa kweli ulijiajiri. Swali linalofuata ni rahisi: ulikuwa unauza nini, kwa nani, kwa mwezi ulipata kiasi gani? Aliyebuni biashara hukwama hapo. Kikoba cha dada yetu ni kidogo, lakini kina daftari na wanachama wanaoweza kuulizwa. Tena kinahusiana na kazi anayoomba: kupokea fedha, kuandika, kufunga hesabu. Kama hukufanya lolote la namna hiyo, mstari uishie kwenye majukumu ya familia. Ni halali kabisa.

Walioachishwa kazi kwa kosa wasiandike sababu kwenye CV. Tarehe za kweli zinatosha. Ila wakiulizwa ana kwa ana wasiseme "mkataba uliisha", kwa sababu mwajiri wa zamani atapigiwa simu.

Kabla ya kutuma

Mpigie mdhamini wako wa kazi ya zamani. Mwambie unaomba wapi na umeandika tarehe zipi, ili kauli yake na karatasi yako zifanane. Halafu mpe mtu asiyekujua vizuri CV yako aisome kwa nusu dakika, uichukue, umwulize amekumbuka nini. Akisema "ulikuwa unamuuguza mtu", mstari umezidi, upunguze. Akisema "umefanya buking miaka minne", umekaa sawa.

Kwenye usaili, jibu liwe fupi na limalizikie kwenye kazi: "Mama aliugua nikarudi Moshi kumhudumia. Sasa anajitegemea, nimerudi Arusha. Nimeshapitia viwango vipya vya ada za hifadhi, na ningependa kujua nyinyi mnatumia mfumo gani wa buking." Sentensi ile ya ada isemwe na aliyezipitia kweli, kwa kuwa msaili anaweza kumwuliza papo hapo ada ya mgeni mmoja kuingia Tarangire kwa siku.