Chapati ya mayai matupu: kinachoipasua ni moto

“Bila unga wa kushikanisha, chapati ya mayai si itapasuka tu ukiikunja?”

Hapana. Yai hujishikanisha lenyewe: protini zake zikipata joto huungana na kuwa wavu unaoshika maji. Moto ukizidi, wavu huo hujikaza na kukamua maji yake, chapati ikawa kavu na kukatika. Wengi hapo huongeza unga, na wanga waliokuwa wanaukwepa unarudi. Yai moja halifikishi hata gramu 1 ya wanga.

Kwa kikaango kisichoshika cha sentimita 20, tumia yai 1, maji kijiko 1 cha chai na chumvi kidogo. Koroga kwa uma polepole, bila kutoa povu, kwani kila kipovu huacha tundu, na mpasuko huanzia hapo. Kisha chuja, ute mzito usiochanganyika hufanya mabonge.

Pasha kikaango kwa moto mdogo, kipake mafuta kwa kitambaa, mimina na uzungushe haraka. Ukisikia sauti kali ya kukaangika, moto umezidi. Funika kwa dakika moja hivi. Mvuke utaivisha juu, huna haja ya kugeuza. Iko tayari uso ukipoteza mng'ao wa ubichi na kingo zikianza kuachia zenyewe. Kingo za kahawia zitakatika tu.

Iache ipoe chini ya kitambaa kabla ya kukunja. Ijaze kachumbari iliyochujwa maji, parachichi au kuku. Kwa kuchovya mchuzi haifai, kwani hainyonyi kama mkate.