Mtahini wa tatu wa tasnifu anatoka wapi?

“Mtahini wa ndani kanipa 71, wa nje kanipa 48. Si wangechukua wastani tu tukamaliza? Huyu wa tatu wa nini?”

Wastani wa hapo ni 59.5, alama ambayo hakuna aliyeitoa. Kama chuo chako hufaulisha kuanzia 50, mmoja anasema umefaulu vizuri na mwingine anasema umefeli. Ukizisoma ripoti zao utakuta pengine wote wana hoja: wa ndani kasifu mapitio ya maandiko na lugha, wa nje kauliza walimu 40 wa shule mbili wanawezaje kuisemea wilaya nzima. Swali hilo la sampuli haliishi kwa kugawanya kwa mbili. Kwa hiyo kanuni huweka kikomo: tofauti ikizidi, tuseme, alama 15, au mmoja akifaulisha na mwingine akafelisha, nakala hupelekwa kwa mtu mwingine, na inafaa asionyeshwe alama za wenzake, maana akiziona atavutwa katikati.

Uzito hutofautiana chuo hadi chuo. Tuchukue mfano huu: msimamizi 20%, watahini wawili 30% kila mmoja, utetezi 20%. Msimamizi hupewa kidogo kwa sababu kazi hiyo ameirekebisha rasimu baada ya rasimu, na kwa kiasi fulani anajisahihisha mwenyewe. Utetezi nao hupima kama kazi ni yako kweli na unaielewa. Lakini usiutegemee ukuokoe: kupanda kutoka 60 hadi 80 mbele ya jopo kunakuongezea alama 4 tu kwenye jumla.

Sasa tupige hesabu. Msimamizi katoa 74, ambayo ni 14.8. Utetezi umepata 66, yaani 13.2. Hizo ni 28. Wa tatu akitoa 67, na kanuni ikisema zichukuliwe alama mbili zinazokaribiana, watahini watakuwa na 71 na 67. Wastani wake ni 69, na asilimia 60 ya hiyo ni 41.4. Jumla 69.4. Kanuni ikitaka wastani wa wote watatu, unapata 62, na jumla inashuka hadi 65.2. Vipo vyuo ambako alama ya wa tatu ndiyo ya mwisho, na hapo ungeondoka na 68.2. Kwa hiyo tafuta kanuni za uzamili za chuo chako uone zinafuata njia ipi, kabla hujaanza kulalamika kuwa umeonewa.

Na wa tatu haji kukutetea. Akitoa 52, iliyo karibu naye ni ile 48: wastani 50, mchango wa watahini 30, jumla 58. Ule wastani ulioutaka mwanzoni ungekupa 63.7.