Kubadilisha .mkv kuwa .mp4 hakuisaidii TV yako

"Badilisha tu jina, .mkv iwe .mp4, TV itakubali." Nimewasikia wateja wakipeana ushauri huu mpaka nimechoka. Haufai, kwa sababu MP4 na MKV ni kontena tu, yaani kasha linalobeba picha, sauti na manukuu pamoja. Ukibadilisha herufi za mwisho, kilichomo ndani kinabaki vilevile, na hicho ndicho TV inachotakiwa kukisimbua.

Chukua faili ambalo TV inalionyesha kwenye orodha, lakini ukilifungua inadai haliwezi kuchezwa. Kabla ya kugusa chochote, lichunguze kwenye kompyuta kwa ffprobe, programu inayokuja na ffmpeg: andika `ffprobe filamu.mkv`, kisha utafute maneno kama haya:

```
Video: h264 (High 10), yuv420p10le
Audio: dts
```

Wengi huishia kwenye h264, ambayo ni kodeki, yaani njia iliyotumika kusimba picha, na kusema, "Si ndiyo ileile ya kawaida?" Soma na mabano! High 10 ni profaili inayotumia hadi biti 10 kwa kila rangi, na chipu za TV kwa kawaida huisimbua H.264 ya biti 8 tu: Main au High. Kompyuta inalicheza kwa sababu prosesa yake ina nguvu ya kusimbua kwa programu. Prosesa ya TV ni dhaifu, hivyo chipu ikishindwa, mambo yameishia hapo.

Wala tatizo si biti 10 zenyewe. HEVC, kodeki nyingine ya picha, ya profaili ya Main 10 huchezwa na TV nyingi za 4K bila shida. Tazama kodeki na profaili kwa pamoja.

Kwa faili letu hakuna njia ya mkato, lazima picha isimbwe upya:

```
ffmpeg -i filamu.mkv -c:v libx264 -profile:v high -level 4.1 -pix_fmt yuv420p -crf 20 -c:a aac tv.mp4
```

Kwa video ya 1920x1080 yenye fremu 30 kwa sekunde au pungufu, H.264 High ya level 4.1, sauti ya AAC, ndani ya MP4, ndiyo ninayoishauri kila mara. Ikiwa tayari ffprobe inaonyesha h264 (High), yuv420p na aac, hamisha kontena tu kwa `-c copy`. Hiyo ni kazi ya muda mfupi na ubora haupungui hata chembe.

"TV yangu ni 4K, inacheza kila kitu." Hapana. 4K ni idadi ya pikseli za kioo, haisemi lolote kuhusu kodeki.

"Picha ipo, sauti hakuna, basi faili limeharibika." Mara nyingi faili ni zima, ila sauti ni DTS, na TV nyingi haziisimbui. Usiisimbe picha upya kwa ajili hiyo. Tumia `-c:v copy -c:a aac`, ubadilishe sauti peke yake.