Mradi umechelewa: hesabu kwanza, halafu mpigie mteja

Kwenye kitengo chetu tunasimamia miradi na pia tunafundisha wengine kuisimamia, na barua za kuchelewa tumeshasoma kibao. Nyingi zinaharibika sehemu moja, kwenye tarehe mpya. Mtu anaogopa mteja, anataja tarehe inayosikika vizuri, anapumua, halafu wiki mbili baadaye anaandika tena kuomba siku zingine. Kuchelewa kwa kwanza mteja anaweza kuvumilia, ila akisikia mara ya pili anaanza kutilia shaka hata mambo uliyoyafanya vizuri. Kwa hiyo kabla ya maneno yoyote tuhesabu.

Chukulia timu inamjengea mteja mfumo wa stoo, bidhaa 18,000, na kukabidhi ni Jumanne tarehe 30 Juni. Ratiba ilitenga siku 5 za kazi kusafisha data kuanzia tarehe 9 Juni, na siku 11 zinazofuata ni za majaribio na mafunzo. Jumatatu tarehe 8 wanachukua sampuli ya bidhaa 500 kutoka faili za zamani za mteja, wanakuta 110 zina makosa. Hiyo ni 22%, yaani kwenye bidhaa zote ni kama 4,000. Kurekebisha moja kwa mkono ni dakika 6 hivi, jumla masaa 400, na watu wawili wanaofanya kazi ya kweli masaa 6 kwa siku watamaliza siku 33. Siku 33, na zilitengwa 5!

Hapa ndo wengi wanakimbilia kuandika imeili. Subiri kidogo, rudi kwenye zile 110 uziangalie moja moja. Unakuta 70 ni kosa lile lile, kipimo kimeandikwa namna mbili, mara "katoni" mara "ktn", na hizo skripti ndogo inazimaliza. Zinabaki 40 zinazohitaji jicho la mtu, yaani 8%, kwenye 18,000 ni 1,440. Hayo ni masaa 144, siku 12, ongeza siku 3 za kuandika skripti na kuihakiki, jumla 15. Umetoka 33 mpaka 15 bila kuongeza mtu wala kukesha.

Lakini usimwambie mteja 15. Sampuli ya 500 haikupi 8% kamili, kiukweli inaweza kuwa hata 10% na kidogo, na ikiwa hivyo kazi ya mkono inakuwa siku 16 badala ya 12. Kwa hiyo usafishaji ni siku 19, ukitoa zile 5 za ratiba unachelewa siku 14 za kazi, unaangukia Jumatatu tarehe 20 Julai. Hiyo ndo tarehe ya kutaja, kwa sababu utaifikia hata hesabu ikienda upande mbaya.

Sasa jiulize mteja anaumia wapi hasa. Huyu wetu haumii kwa bidhaa zote 18,000, anaumia na stoo kuu yenye bidhaa 6,000 zinazotoka kila siku, zilizobaki zinaguswa mara chache. Ukianza na stoo kuu, skripti siku 3 na kazi ya mkono siku 6 hata kwa ile hesabu mbaya, jumla 9, basi sehemu hiyo inachelewa siku 4 tu, Jumatatu tarehe 6 Julai. Huo ndo mpango wa kujinasua, kumpa mapema kile anachokihitaji zaidi, na naupenda kuliko mipango miwili ambayo watu huikimbilia. Kuongeza watu wapya katikati, wale wawili wanaoijua data wataacha kazi wawafundishe, siku za kwanza unarudi nyuma. Kukata siku za majaribio ndo kubaya zaidi, maana makosa hayaondoki, yanahamia kwa mteja baada ya kukabidhi.

Ukishakuwa na hesabu, piga simu siku hiyo hiyo au kesho yake, ongea na yule anayeweza kuamua, halafu ndani ya saa moja tuma maandishi. Simu inampa nafasi ya kukasirika na kuuliza, maandishi yanampa kitu cha kumpelekea bosi wake, na kweli atakipeleka, kwa hiyo yaandike yakisomwa na mtu ambaye hakuwepo kwenye simu aelewe. Mfano:

"Habari za kazi. Mfumo wa stoo hautakamilika tarehe 30 Juni. Stoo kuu itaanza kutumika Jumatatu tarehe 6 Julai na stoo zilizobaki Jumatatu tarehe 20 Julai. Sababu ni makosa kwenye data ya zamani, 22% ya sampuli tuliyopima jana, na sisi tulipanga siku 5 za kusafisha bila kupima kwanza. Muda wa majaribio na mafunzo haujapunguzwa. Kwenu ina maana mwezi wa Julai stoo ndogo zitaendelea na daftari la zamani mpaka tarehe 20. Tunaomba mambo mawili kabla ya Alhamisi tarehe 11 saa 6 mchana: mkubali kuanza na stoo kuu, na mtupe mtu mmoja anayezijua bidhaa, masaa 2 kwa siku. Kila Jumatatu na Alhamisi saa 4 asubuhi tutawatumia idadi ya bidhaa zilizosafishwa na zilizobaki. Samahani kwa usumbufu huu."

Ona habari mbaya imekaa sentensi ya kwanza na tarehe zimefuata hapo hapo. Wengi wanaanza na mafanikio ya mwezi uliopita, mteja anasoma aya mbili anafurahi halafu anaanguka, anahisi alikuwa anachezewa. Sababu ni sentensi moja tu. Ni kweli data ilikuwa ya kwake, imetajwa kama ilivyo, lakini kosa la kutopima kabla ya kuahidi ni la timu na timu imelisema. Maneno kama "changamoto zisizotarajiwa" au "tutachelewa kidogo" yafute yote, mteja hawezi kupanga wafanyakazi wake kwa "kidogo". Na samahani iwe moja, zikiwa nne inaonekana unaomba huruma badala ya uamuzi.

Kingine kinachosahaulika ni mkataba. Imeili nzuri siyo lazima iwe notisi halali. Kwenye ujenzi kwa mfano, mkataba wa mfano wa 1999 wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, unampa mkandarasi siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua tatizo kutoa notisi ya kudai muda wa ziada, zikipita hizo dai linaweza kufa hata kama mlielewana kwenye simu. Soma kifungu cha notisi na cha fidia ya kuchelewa kabla hujatuma, notisi iende kwa njia iliyoandikwa humo, barua yako ya kawaida iende pembeni yake.

Baada ya hapo kazi ni kuangalia namba. Kwenye stoo kuu, kwa ile hesabu mbaya, kazi ya mkono ni bidhaa kama 625 kwa siku 6, yaani kama 105 kwa siku. Kwa hiyo skripti ikishamaliza zamu yake, jioni ya siku ya pili mnatakiwa muwe mmerekebisha kama 210. Mkikuta 170, usisubiri Alhamisi wala usitegemee watu watakimbia kesho, kaa na timu jioni hiyo muone zile dakika 6 zimekuwa ngapi, mhesabu upya, na kama tarehe 6 Julai haifikiki mpigie mteja asubuhi yake.