Kahawa iko Moshi, bei iko New York: kinga ya bei inavuja wapi?

*"Chama chetu cha ushirika kinaweza kufunga bei ya kahawa kabla ya mavuno kwa kuuza mikataba New York? Na mbona wapo waliofanya hivyo na bado wakapata pungufu ya walichotarajia?"*

Kinaweza, lakini kinachofungwa ni bei ya New York. Bei ya mnada wa Moshi ni kitu kingine, na tofauti kati ya hizo mbili hakuna anayekufungia.

Tuanze na mkataba wenyewe. Arabika huuzwa kwenye soko la ICE mjini New York kwa mikataba ya baadaye, yaani ahadi ya kuuza au kununua mwezi fulani kwa bei inayokubaliwa leo. Mkataba mmoja ni ratili 37,500, takriban tani 17 za kahawa safi, na bei husomwa kwa senti za Marekani kwa ratili. Miezi yake ni Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba. Karibu hakuna mkulima anayepeleka gunia huko. Unauza mkataba mwezi Juni, unaununua tena siku unayouza kahawa yako mnadani, na unachobaki nacho ni tofauti ya bei.

Tuchukue chama cha mfano, namba ni zangu. Kinatarajia tani 102, ambazo ni mikataba 6 karibu kamili. Mwezi Juni mkataba wa Desemba uko senti 240. Kwa uzoefu wa misimu iliyopita, kahawa yake huuzwa senti 10 chini ya New York, kwa hiyo inalenga 230. Chama kinauza mikataba 6. Novemba New York imeshuka hadi 190 na mnada umetoa 180. Kwenye mikataba chama kimepata senti 50, ukijumlisha na 180 ni 230 ileile. Hapo kila mtu anafurahi.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. New York ni 190 vilevile, lakini kwa sababu za hukuhuku, labda mvua imeharibu madaraja ya juu au wanunuzi ni wachache, mnada unatoa 165. Jumla ni 215. Mikataba imefanya kazi yake sawasawa, lakini pengo kati ya Moshi na New York limepanuka kutoka 10 hadi 25, na hizo senti 15 kwa ratili 225,000 ni dola 33,750. Bila kinga chama kingeambulia 165, kwa hiyo si hasara ya kujuta. Ila aliyeahidi wanachama 230 ana kazi ya kueleza.

Hiyo ndiyo hatari ya pengo. Ukijikinga unaachana na hatari kubwa ya bei ya dunia, unabaki na hatari ndogo ya pengo. Kwa kahawa yetu pengo halisimami mahali pamoja. New York hupigwa na habari za Brazili: baridi kali ya Julai 2021 iliunguza mibuni kule na bei ikaruka ndani ya siku chache, wakati Kilimanjaro hakuna jani lililoguswa. Mnunuzi wa Moshi hapandishi bei yote kwa mruko wa namna hiyo, na bei ikianguka hashuki nayo yote pia. Kahawa ya pekee inayouzwa kwa ladha yake ndiyo kabisa, hufuata New York kwa mbali.

Kwa hiyo swali la maana ni hili: New York ikisogea senti 10, Moshi husogea ngapi? Jibu lake ndilo uwiano wa kinga. Ikiwa ni 8, uwiano ni 0.8, na mikataba 6 mara 0.8 ni 4.8. Unauza 5.

Namba hiyo haitafutwi kwa kukisia. Chukua bei za mnada za misimu michache, za daraja unalouza, uzigeuze ziwe senti kwa ratili: bei ya dola kwa kilo 50 igawanye kwa 1.1023. Kando yake weka bei ya kufunga ya New York ya siku iliyotangulia mnada, kwa sababu mnada wa asubuhi unapofanyika New York bado wamelala. Kisha tengeneza safu mbili za mabadiliko, kila mnada ukitoa uliopita. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wakitumia bei zenyewe badala ya mabadiliko, bei mbili zinazopanda mwaka mzima zitaonekana mapacha hata kama wiki kwa wiki hazijuani. Kama mabadiliko ya mnada yako safu ya D na ya New York safu ya E, Excel inamaliza kazi:

```
=SLOPE(D3:D62,E3:E62)
=RSQ(D3:D62,E3:E62)
```

Mstari wa kwanza ni uwiano wa kinga. Wa pili unakuambia kinga itavuja kiasi gani, na watu huusoma kwa matumaini kupita kiasi. Tuseme umepata 0.81. Inasikika vizuri, lakini kinachobaki ni 0.19, na kipeuo chake cha pili ni karibu 0.44. Maana yake, hata ukijikinga kwa uwiano ulio bora kabisa, asilimia 44 ya mtikisiko wa kawaida wa bei yako bado unao.

Faida ya kuuza 5 badala ya 6 huonekana bei inapopanda. New York ikienda kutoka 240 hadi 300, Moshi kwa uwiano wa 0.8 itapanda senti 48 kutoka 230, yaani 278. Mwenye mikataba 6 amepoteza 60 kwa kila ratili, anabaki na 218. Mwenye 5 amepoteza 50 ukigawanya kwa ratili zake zote, anabaki na 228. Mavuno yakipungua hadi tani 70, wote wawili wameuza kahawa wasiyokuwa nayo, na hiyo si kinga tena. Ndiyo maana mimi ningeuza mikataba michache mwezi Juni na kuongeza kadiri kahawa inavyoingia ghalani.

Kuna jambo hesabu hii haioneshi. Hasara ya mikataba hulipwa kila siku kwa dalali, taslimu, wakati faida ya kahawa iko bado mtini. Senti moja ni dola 375 kwa mkataba. Kupanda kwa senti 60 kwa mikataba 5 ni dola 112,500 za kutafutwa kabla gunia la kwanza halijauzwa. Asiyelipa hufungiwa mikataba papo hapo, na hasara inakuwa ya kudumu. Bei zilipovuka dola 4 kwa ratili mapema mwaka 2025, hiki ndicho kilichowabana wauzaji wengi wa kahawa duniani, wakiwemo wa Brazili. Kwa hiyo kabla ya kumpigia dalali, chama kikae na benki yake na kukubaliana kwa maandishi mkopo wa kulipia hasara hizo za kila siku utafika wapi. Idadi ya mikataba itokane na kiasi hicho pia, hata kama SLOPE imesema 5 na benki inabeba 3.

Na tarehe ya kutoka iwekwe mapema. Mkataba wa Desemba usiushikilie hadi Desemba, kwani notisi za kupokea mzigo huanza nusu ya pili ya Novemba. Kahawa ikiwa bado ghalani wakati huo, unanunua wa Desemba na kuuza wa Machi siku hiyohiyo, na tofauti ya bei kati ya miezi hiyo miwili inaingia kwenye hesabu yako kama pengo lingine.